Lebo ya Kiarabu inasema kinyume cha usalama: barua fupi kwa kampuni iandikweje?

#1 Kifuniko

Wakuu, salaam. Nina picha za kopo la unga wa kuzibua mabomba ya sinki, gramu 500, ambao ni hidroksaidi ya sodiamu. Upande wa Kiingereza unasema kopo liwekwe mbali na watoto. Upande wa Kiarabu umeandikwa hivi:

```
يحفظ في متناول الأطفال
```

Kwa jinsi ninavyoisoma, hii ni "huhifadhiwa mahali watoto wanapafikia". Nataka kuwaandikia huduma kwa wateja wa kampuni kwa Kiarabu, kwa kuwa ukurasa wao wa mawasiliano unakipokea. Kiarabu changu ni cha kusoma kuliko kuandika. Rasimu yangu ndiyo hii:

```
السلام عليكم
تفضلوا، بضاعتكم خطيرة جدا على الأطفال
في الملصق خطأ إملائي
هذه ضرورة
رقم التشغيلة: 0417-22B
شكرا
```

Naomba mnisahihishe. Na anayejua kosa kama hili huingiaje kwenye lebo iliyokwisha kuchapishwa atuambie.

#2 Mwanagenzi

Kwani si urudishe tu kopo udai pesa zako? Barua ya nini tena.

#3 Kifuniko

Mwanagenzi, unga wenyewe hauna tatizo. Ninachotaka ni lebo ibadilishwe, maana makopo mengine ya bechi hiyo yana maneno hayo hayo.

#4 Bi Nukta

Umeisoma sawa. Fomula iliyozoeleka kwenye dawa na sabuni zote ni يحفظ بعيدًا عن متناول الأطفال, yaani "huhifadhiwa mbali na mfikio wa watoto". Kwenye lebo yako hakuna بعيدًا عن, na mahali pake pamekaa في.

Sasa rasimu. Kosa lako kubwa ni kuandika Kiarabu kwa kutumia Kiswahili kilichotoka Kiarabuni. Maneno yanafanana, kazi zake zimeachana. "Tafadhali" yetu ni ya kuomba, lakini تفضلوا ikisimama peke yake mwanzoni mwa sentensi ni ya kumkaribisha mtu au kumpa kitu, kama unayesema "karibuni, chukueni". Anayesoma atadhani unampa bidhaa. Ukitaka kuomba, tumia أرجو au يرجى. "Dharura" nayo: ضرورة ni ulazima, jambo lisiloepukika. Dharura kwa maana yetu ni طوارئ, na hata hiyo sikushauri uiweke, kwa sababu hakuna aliyeumia. "Bidhaa" inaeleweka, ila بضاعة ni shehena au mali ya biashara kwa ujumla. Kitu kimoja kilichotengenezwa na kampuni huitwa منتج.

Sentensi ya pili ndiyo itakayokuharibia. بضاعتكم خطيرة جدا maana yake "mali yenu ni ya hatari sana". Mpokeaji atajibu kwamba ndiyo, ni kemikali kali, fuata maelekezo, na barua itafungwa hapo. Hatari unayoiripoti imo kwenye maneno ya lebo. Unga ni mkali kama inavyotarajiwa.

#5 Mzee wa Sarufi

Naunga mkono #4. Niongeze juu ya خطأ إملائي. Hilo ni kosa la tahajia, kama kusahau hamza. Mtu wa huduma kwa wateja akiliona neno hilo atalipanga kwenye fungu la marekebisho madogo yanayosubiri uchapaji ujao, pamoja na herufi zilizopinda na rangi iliyofifia. Hapa kila neno limeandikwa kwa tahajia sahihi kabisa, na sentensi haina kasoro ya sarufi. Maana ndiyo imegeuzwa. Kwa hiyo andika معكوسة المعنى, "iliyogeuzwa maana", na uiweke kwenye mstari wa mada ili ionekane kabla barua haijafunguliwa.

#6 Chupa ya Kahawia

Barua nzuri, lakini namba ya bechi iandike kwa tarakimu za Kiarabu, ٠٤١٧, ili ilingane na lugha ya barua. Ni adabu ya uandishi.

#7 Fundi Herufi

Chupa, hapana. Tarakimu hizo ni sahihi kwa barua ya kawaida, ila namba ya bechi hunakiliwa kama ilivyopigwa muhuri kwenye kopo. Anayeipokea ataibandika kwenye mfumo wao wa kutafutia, na mfumo unajua 0417 tu. Tena sifuri ya upande ule ni nukta, na tano ni kiduara. Mtu asiyezoea akiona ٥ anaandika 0.

Lakini kuna jambo zito zaidi kwenye mstari huo wa Kifuniko. Kwenye kioo changu namba inaonekana 22B-0417, wakati nina hakika hakuiandika hivyo.

#8 Kifuniko

Niliandika sifuri, nne, moja, saba, kistari, mbili, mbili, B. Ndivyo ilivyo kwenye kopo.

#9 Dada Mhariri

Mimi naona kingine kabisa: 22-0417 iko kushoto na herufi B imerukia kulia, mwanzoni mwa mstari.

#10 Fundi Herufi

Nyote wawili mko sahihi, na hilo ndilo tatizo. Maandishi yaliyohifadhiwa ni yale yale, ila kila programu huyapanga upya kwa kuonyesha. Tarakimu zinazokuja baada ya herufi za Kiarabu zinahesabiwa kuwa sehemu ya maandishi ya Kiarabu. Kila fungu la tarakimu linabaki kusomeka kushoto kwenda kulia, lakini kistari kinayatenganisha mafungu, na mafungu yenyewe yanapangwa kulia kwenda kushoto. Ndiyo maana 0417 inakaa kulia na 22 inahamia kushoto. B ni ya Kilatini, kwa hiyo inafuata mwelekeo wa kisanduku. Kisanduku kikiwa kimepangwa kuanzia kulia, B inashikamana na 22. Kikiwa kimepangwa kuanzia kushoto, kama cha Dada Mhariri, B inaachwa peke yake upande wa pili.

Namba inayoanza na herufi ya Kilatini, kwa mfano B0417-22, haipati shida hii, kwa sababu herufi hiyo inazivuta tarakimu upande wake. Mkwaju badala ya kistari nao hautenganishi tarakimu. Ila huna ruhusa ya kubadilisha kistari cha kampuni.

Tiba rahisi ni kuipa namba mstari wake yenyewe, bila neno la Kiarabu mbele yake. Mstari mpya unaanza hesabu upya na namba inabaki ilivyo.

#11 Dada Mhariri

Hiyo inafaa kwenye barua pepe. Fomu nyingi za tovuti hubana mistari yote kuwa mmoja ukishatuma, na namba inarudi kuchafuka bila wewe kujua.

#12 Fundi Herufi

Kweli, sikuligusa hilo. Kwenye fomu ya namna hiyo weka alama isiyoonekana U+200E mara tu kabla ya tarakimu ya kwanza. Inafanya kazi ya ile herufi ya Kilatini. Ukishindwa kuichapa, hakikisha picha ya muhuri wa bechi imeambatishwa, maana picha haigeuzwi na programu.

#13 Kemia Jikoni

Nawarudisha kwenye kopo. Hidroksaidi ya sodiamu kwa kiwango cha unga wa kuzibua mabomba inabeba kauli H314, ya kuunguza ngozi vibaya na kudhuru macho. Kauli ya kuweka mbali na watoto ni P102. Zote ni za GHS, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo. Kitabu chake kinatolewa pia kwa Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja huo. Kwa hiyo Kifuniko hahitaji kutunga tafsiri yake na kubishana na mtu juu ya ufasaha. Aitaje P102 tu, na kampuni ifungue ukurasa.

Juu ya chanzo cha kosa, nina dhana. Kauli inayotangulia P102 ni P101, inayosema ukihitaji ushauri wa daktari, uwe na chombo au lebo mkononi. Kwa Kiarabu "mkononi" hapo kwa kawaida ni في متناول اليد. Ziangalie hizo mbili zikifuatana: moja ina في متناول, nyingine ina بعيدًا عن متناول. Anayenakili kutoka orodha jicho linaruka mstari, anaanza na kitenzi cha P102, anachukua في متناول ya P101, halafu anamalizia na watoto.

#14 Bi Nukta

Dhana yako inaeleza ile في, na ndicho kilichokuwa kinanisumbua. Kama maneno mawili بعيدًا عن yangekuwa yamedondoka tu wakati wa kupanga ukurasa, tungebaki na يحفظ متناول الأطفال, bila في, sentensi isiyokamilika ambayo msomaji yeyote angeishtukia. Hapa في ipo. Kwa hiyo mtu, au mkono wa mtu, uliiandika.

#15 Fundi Herufi

Si lazima. Kuna njia nyingine ya kusema jambo hilo hilo kwa Kiarabu, kwa kukanusha:

```
لا يحفظ في متناول الأطفال
```

"Hakihifadhiwi mahali watoto wanapafikia." Ondoa لا ya mwanzo na unapata lebo ya Kifuniko, neno kwa neno, pamoja na في yake. Neno moja fupi, mwanzoni mwa mstari, kwenye ukingo wa kulia wa fremu. Fremu ikiwa finyu, hilo ndilo linalokatwa.

#16 Chupa ya Kahawia

Au halijakatwa kabisa. Kopo ni la mviringo na plastiki yake inang'aa. Kimulimuli cha kamera kikipiga ukingo wa kulia, لا inaweza kumezwa na mwanga kwenye picha huku ipo kwenye lebo. Kabla ya kushutumu kampuni, piga picha nyingine.

#17 Dada Mhariri

Hoja ya Chupa ni nzuri kuliko ya tarakimu. Kifuniko, zima kimulimuli. Weka kopo karibu na dirisha mwanga ukitokea ubavuni, na lizungushe kidogo kidogo huku ukipiga, mara tatu au nne, ili kila sehemu ya mstari ipate zamu ya kuwa katikati bila mng'ao. Usitumie kamera ya mbele, maana baadhi ya simu huhifadhi picha yake ikiwa imegeuzwa kama kioo. Mtu asiyesoma Kiarabu hataligundua hilo, na picha itakuwa haina thamani.

#18 Kifuniko

Nimepiga upya, picha nne, mwanga wa ubavuni. Hakuna neno lililofichwa. Ila kulia kwa يحفظ kuna nafasi tupu, inatosha herufi mbili hivi. Kushoto pia kuna nafasi, ndogo kidogo.

#19 Fundi Herufi

Nafasi ya herufi mbili upande wa kulia! لا ni lamu na alifu, herufi mbili.

#20 Mzee wa Sarufi

Taratibu, Fundi. Amesema na kushoto kuna nafasi. Kama mistari ya lebo imewekwa katikati, lazima pande zote mbili zibaki wazi, na hapo nafasi ya kulia haithibitishi kitu. Kifuniko, mistari ya juu na ya chini yake inaanzia sawa ukingoni au imekaa katikati?

#21 Kifuniko

Wa juu unaanzia ukingoni kabisa, lakini ni mrefu, umejaza fremu. Wa chini ni mfupi na uko kama katikati, si katikati kamili.

#22 Mzee wa Sarufi

Basi hatuwezi kuamua kwa hilo.

#23 Fundi Herufi

Kuna namna ya tatu ya kuipoteza لا. Lamu ikifuatwa na alifu huandikwa kwa umbo moja la pamoja. Kwenye programu za zamani za kupanga lebo, umbo hilo huchukuliwa kama herufi inayojitegemea kwenye fonti. Fonti isipokuwa nalo, mahali pake panabaki tupu, wala hapatokei alama ya onyo. Hii ingeeleza nafasi ya kulia moja kwa moja.

#24 Bi Nukta

Fundi, wewe kila kosa unalitupia fonti. Tazama neno la mwisho: الأطفال. Ndani yake mna lamu na alifu yenye hamza, لأ, umbo la pamoja la jamaa ile ile. Kama fonti ilishindwa mwanzoni mwa mstari, mbona iliweza mwishoni mwa mstari huo huo?

#25 Fundi Herufi

Kwa sababu kwenye fonti hizo ni maumbo mawili tofauti, kila moja na namba yake: لا ni U+FEFB na لأ ni U+FEF7. Moja linaweza kuwepo na lingine lisiwepo. Nakubali si kawaida, kwani لا ndiyo inayotumika zaidi na ingekuwa ya kwanza kuwekwa.

#26 Kemia Jikoni

Mimi bado nasimama na P101. Lebo zinazoandikwa kwa mfumo wa GHS hunakili kauli, hazitungi. Kauli ya P102 kwa Kiarabu haianzi na kukanusha, inaanza na kuhifadhi na inasema mbali. Hiyo لا ya Fundi ingetoka wapi?

#27 Fundi Herufi

Kwa mfasiri ambaye hakufungua kitabu. Wapo wengi.

#28 Mwanagenzi

Naomba kuuliza tena, safari hii kwa makini. Kama hamjui kosa lilitokana na nini, barua itasema nini?

#29 Dada Mhariri

Hilo ndilo swali la kuandikia barua. Barua isiseme chanzo hata kidogo. Ukiandika "mfasiri wenu amekosea" na ikawa ni mchapaji, anayejibu atakanusha sentensi yako, atakuwa na haki, na lebo itabaki ilivyo. Ukiandika سقطت كلمة, "limedondoka neno", tayari umeegemea upande wa Fundi. Sema kinachoonekana: lebo ina maneno haya, haina maneno yale, na maandishi ya Kiingereza kwenye kopo hilo hilo yanasema kinyume.

Na usiache kutaja maneno yanayokosekana. Fomula hii ya watoto inajulikana mno. Barua yako ikifika kwa mtu anayeifasiri haraka kwa ajili ya wakubwa zake, jicho lake litaona "kuhifadhi", "mfikio", "watoto", na mkono wake utaandika fomula sahihi aliyoizoea. Mkubwa atasoma lebo iliyo sawa na kushangaa unalalamikia nini. Ukiandika wazi kwamba عبارة «بعيدًا عن» haipo, hilo halipotei kwenye tafsiri.

#30 Bi Nukta

Nimeipanga upya kwa kufuata yaliyosemwa:

```
الموضوع: عبارة سلامة معكوسة المعنى على الملصق العربي

السادة فريق خدمة العملاء المحترمين،
تحية طيبة وبعد،

المنتج: مسحوق تسليك المجاري، 500 غرام
رقم التشغيلة:
0417-22B

كُتب على الملصق العربي:
«يُحفظ في متناول الأطفال»
ولا ترد فيه عبارة «بعيدًا عن»، فصار المعنى عكس
النص الإنجليزي على العبوة نفسها.
والصواب (P102):
«يُحفظ بعيدًا عن متناول الأطفال»

أرفقت ثلاث صور.
أرجو إحالة هذه الرسالة إلى المسؤول عن سلامة
المنتجات وإفادتي برقم البلاغ.

وتفضلوا بقبول فائق الاحترام،
```

Jina la bidhaa nimelikisia. Kifuniko, libadilishe liwe kama lilivyo kwenye kopo, hata kama unaona lingeweza kuandikwa vizuri zaidi.

#31 Kifuniko

Ahsante sana. Swali moja: mwanzoni umenikataza تفضلوا, mbona hapa mwisho imerudi?

#32 Bi Nukta

Kwa sababu hapa ina kinachofuata: بقبول. Maana yake "mtufadhili kwa kupokea heshima zetu". Ni kimalizio cha barua rasmi. Ilikuwa makosa ikiwa peke yake mwanzoni.

#33 Mzee wa Sarufi

Bi Nukta, kosa moja na wewe. Umeweka dhuma juu ya يُحفظ ndani ya nukuu ya kwanza. Kifuniko aliinakili bila irabu kwenye #1, na nukuu ya lebo inapaswa kuwa herufi kwa herufi. Mtu wa kampuni akitafuta maneno hayo kwenye faili la lebo kwa kuyabandika, dhuma moja inaweza kumnyima jibu. Kwenye sentensi ya usahihi weka irabu ukipenda, kwenye nukuu ondoa.

#34 Bi Nukta

Kweli kabisa. Kifuniko, iondoe.

#35 Chupa ya Kahawia

Je, رقم التشغيلة itaeleweka? Mimi nimezoea رقم الدفعة.

#36 Mzee wa Sarufi

Yote mawili yanatumika. Tumia lile lililoandikwa kwenye kopo lenyewe kando ya muhuri. Kama halipo, lolote kati ya hayo linatosha, maana namba yenyewe iko chini yake.

#37 Dada Mhariri

Picha tatu ziwe hizi: kopo zima kwa mbele, ili bidhaa itambulike, jopo la Kiarabu kwa karibu, pamoja na mstari wa Kiingereza kama unaingia kwenye fremu moja, na muhuri wa bechi. Zipe majina ya faili yanayosema kilichomo, kwa herufi za Kilatini. Baadhi ya mifumo ya kupokea malalamiko hutupa viambatisho, ndiyo maana nukuu lazima iwe ndani ya barua na siyo kwenye picha peke yake.

#38 Kemia Jikoni

Kifuniko, kwenye picha yako ya nne naona jambo jingine. Juu ya mstari huo, chini ya alama ya ulikaji, Kiarabu kimeandikwa تحذير. Upande wa Kiingereza neno la onyo ni lipi?

#39 Kifuniko

Ni lile kali, la hatari.

#40 Kemia Jikoni

Basi kuna kosa la pili. GHS ina maneno mawili tu ya onyo. La juu kwa Kiarabu ni خطر, la chini ni تحذير. Bidhaa yenye H314 inabeba la juu. Lebo yako ya Kiarabu imeshuka ngazi.

#41 Mwanagenzi

خطر ni hatari, na تحذير ni tahadhari! Hapa hata mimi nimeelewa bila kamusi.

#42 Mzee wa Sarufi

Umepata, Mwanagenzi. Na hapa, tofauti na "tafadhali", ukoo wa maneno hautupotoshi. Hata kwa Kiswahili, kibao cha hatari ni kikali kuliko cha tahadhari.

#43 Chupa ya Kahawia

Basi liongezwe kwenye barua hiyo hiyo, mstari mmoja tu.

#44 Dada Mhariri

Mimi nasema hapana. Kosa la watoto linaonekana na mtu yeyote anayesoma Kiarabu, halina mjadala. La neno la onyo linahitaji mtu anayejua uainishaji. Ukiyaweka pamoja, barua nzima itapelekwa kwa mtaalamu wa kemikali na kukaa foleni moja. Litumie barua ya pili ukishapewa namba ya kumbukumbu ya kwanza.

#45 Kemia Jikoni

Sikubaliani. Mtaalamu huyo ndiye tunayemtaka. Makosa mawili kwenye jopo moja yanaonyesha kwamba jopo zima halikupitiwa, na ndipo watakapolifungua lote badala ya kubandika kiraka kwenye mstari mmoja.

#46 Bi Nukta

Tena makosa mawili yanadhoofisha dhana ya fonti ya Fundi. Fonti haigeuzi خطر kuwa تحذير.

#47 Fundi Herufi

Wala kuruka mstari kati ya P101 na P102 hakugeuzi. Huenda ni makosa mawili yenye vyanzo viwili.

#48 Kifuniko

Nimetuma ile ya kwanza peke yake, bila dhuma, namba ya bechi kwenye mstari wake, picha tatu. Fomu yao ilibana mistari kama alivyosema Dada Mhariri, kwa hiyo niliweka ile alama ya U+200E na nakala niliyorudishiwa inaonyesha 0417-22B kwa mpangilio wake. Nimepewa namba ya kumbukumbu. La neno la onyo bado sijaamua nifuate #44 au #45.

#49 Mwanagenzi

Kopo umelitupa?

#50 Kifuniko

Nimelifunga, liko juu kabatini lebo ikiwa nzima, wasije wakataka kuliona.

#51 Fundi Herufi

Mwenye kopo la bidhaa hiyo la bechi tofauti, naomba picha ya mstari huo, kimulimuli kikiwa kimezimwa. Nataka kuona kama ile nafasi ya kulia ipo na huko, au kuna لا imekaa ndani yake.